DV, OV au EV: namna ya kuchagua cheti cha tovuti ya biashara ndogo bila kulipia usichokihitaji

Mama mmoja mwenye kampuni ndogo ya kupandisha watalii mlimani, ofisi yake iko Moshi mjini, alinitumia picha ya profoma aliyoletewa na muuzaji wa hosti. Ilikuwa na mistari mitatu ya vyeti vya tovuti: DV, OV na EV. Bei ilipanda kutoka mstari mmoja hadi mwingine kama ngazi, na chini yake waliandika kwamba kadiri cheti kinavyopanda daraja ndivyo tovuti inavyozidi kuwa salama. Akanipigia. "Mwanangu, wageni wangu wanalipa amana kupitia tovuti. Sitaki mtu aibiwe kwangu. Si nichukue tu hicho cha juu?"

Kauli ile ya kwenye profoma si kweli, na iliniudhi, kwa sababu mama huyu alikuwa tayari kulipa fedha nyingi kwa nia njema kabisa. Nimeandika hapa hatua tulizopita naye, tangu kuchagua mpaka cheti kufungwa kwenye seva, pamoja na mahali tulipokwama. Mfano wangu ni wa Tanzania kwa sababu ndiko ninakofanyia kazi, ila utaratibu wa vyeti hivi ni mmoja dunia nzima. Unaandikwa na CA/Browser Forum, baraza linalowakutanisha watoa vyeti na watengenezaji wa brauza.

Kwanza elewa unachonunua

Cheti cha tovuti kinafanya kazi mbili. Kinaiwezesha brauza ya mteja na seva yako kuzungumza kwa siri, na kinatamka kwamba ufunguo unaotumika katika mazungumzo hayo ni wa nani. Kwenye kazi ya kwanza, DV, OV na EV ni sawasawa. Nguvu ya usiri inatokana na toleo la TLS, itifaki ya kuficha mawasiliano, lililo kwenye seva yako, aina ya ufunguo uliotengeneza na uwezo wa brauza ya mteja. Namba ya kadi ikipita kwenye tovuti yenye DV ya bure, inafichwa vilevile kama ingepita kwenye tovuti yenye EV ya mamia ya dola. Mtu aliyekaa kwenye Wi-Fi ya hoteli anasikilizia hataambulia kitu katika hali zote mbili.

Tofauti iko kwenye kazi ya pili: mtoa cheti alichunguza nini kabla ya kukupa.

Kwa DV, mtoa cheti anajiridhisha na jambo moja tu, kwamba anayeomba ana mamlaka juu ya domeni. Hajui wewe ni nani wala hakuulizi. Kwa OV, anaongeza uchunguzi kwamba kuna taasisi iliyosajiliwa kwa jina hilo, iko mahali fulani panapojulikana, na kwamba ombi limetoka kwao kweli. Kwa EV, anafanya uchunguzi wa aina hiyohiyo kwa masharti makali zaidi, anaandika na namba yako ya usajili ndani ya cheti, na anataka mtu mwenye madaraka katika kampuni aidhinishe. DV ni kama mlinzi anayeangalia kama una ufunguo wa geti. OV na EV ni mlinzi anayeomba na kitambulisho.

Hakuna hata kimoja kinachosema kwamba biashara yako ni ya uaminifu. Tapeli anayefungua domeni inayofanana na ya benki anapata DV ndani ya dakika chache, tena kihalali, kwa sababu domeni ile ni yake kweli.

Hatua ya kwanza: kiangalie cheti ulicho nacho sasa

Kabla hujanunua, tazama kilichopo. Biashara nyingi tayari zina DV ambayo kampuni ya hosti iliiweka kimyakimya. Kwenye kompyuta yenye openssl, andika amri hii ukibadilisha jina la domeni:

```
openssl s_client -connect DOMENI-YAKO.co.tz:443 \
  -servername DOMENI-YAKO.co.tz </dev/null 2>/dev/null |
  openssl x509 -noout -subject -issuer -dates \
  -ext certificatePolicies
```

Mstari unaoanza na `subject` ndio wenye jibu. Kwa DV kwa kawaida utakuta jina la domeni peke yake, na baadhi ya watoa vyeti huuacha mstari huo mtupu. Kwa OV utakuta na kampuni, mji na nchi. Kwa EV kunaongezeka namba ya usajili na nchi ulikosajiliwa. Muonekano wake ni kama huu:

```
DV: CN=DOMENI-YAKO.co.tz
OV: C=TZ, ST=Kilimanjaro, L=Moshi, O=JINA LA KAMPUNI LIMITED, CN=...
EV: businessCategory=Private Organization, jurisdictionC=TZ,
    serialNumber=123456, C=TZ, L=Moshi, O=JINA LA KAMPUNI LIMITED, CN=...
```

Chini zaidi, kwenye sera za cheti, kuna namba inayomaliza ubishi. DV hubeba `2.23.140.1.2.1`, OV hubeba `2.23.140.1.2.2`, na EV hubeba `2.23.140.1.1`. Namba hizi ni nzuri pia baada ya kununua. Ukilipia OV ukakuta imeandikwa `2.23.140.1.2.1`, umepewa DV, na una haki ya kurudi kwa muuzaji. Kama huna openssl, bonyeza alama iliyo kushoto mwa anwani kwenye Chrome ya kompyuta, ufuate mpaka ukurasa wa cheti. Ukikuta mahali pa jina la taasisi pako wazi, hiyo ni DV.

Tovuti ya mama wa Moshi ilikuwa na DV ya Let's Encrypt, mtoa vyeti vya bure, nzima, ikijihuisha yenyewe. Muuzaji hakumwambia.

Nani atakiona unacholipia?

Hapa ndipo EV ilipopoteza soko lake. Zamani ukifungua tovuti yenye EV, jina la kampuni lilitokea kwa rangi ya kijani pembeni ya anwani. Wafanyabiashara walilipia kijani kile. Brauza ya Apple, Safari, iliacha kuonyesha jina la kampuni mwaka 2018. Chrome ililiondoa kwenye sehemu ya anwani katika toleo la 77, Septemba 2019, na Firefox ikafuata kwa toleo la 70 mwezi uliofuata. Watu wa Chrome walieleza kwamba utafiti ulionyesha alama ile haiwalindi watumiaji kama ilivyokusudiwa. Leo mteja anayefungua tovuti yako kwa simu haoni tofauti yoyote kati ya DV na EV mpaka aingie mwenyewe ndani ya taarifa za cheti, na wateja wa kawaida hawaingii.

Tena hata zama za kijani, jina lenyewe lilikuwa na kasoro. Mwaka 2017 mtafiti wa usalama Ian Carroll alisajili kampuni iitwayo Stripe, Inc huko Kentucky, Marekani, kisha akaiombea EV, akapewa. Kampuni kubwa ya malipo ya Stripe imesajiliwa Delaware, kwa hiyo hakuna sheria iliyovunjwa: majina mawili yanayofanana katika majimbo mawili. Kwa maelezo yake, kazi nzima ilimgharimu dola 177, yaani 100 za usajili na 77 za cheti. Uchunguzi ulifanyika sawasawa na jina lilikuwa la kweli, lakini mteja anayesoma "Stripe, Inc" hawezi kujua ni Stripe ya wapi.

Kwa hiyo muuzaji akikuambia EV itawaongezea wateja imani, mwombe afungue tovuti yenye EV kwenye simu yake akuonyeshe wataiona wapi.

Hatua ya pili: tafuta nani hasa amekitaka

Kwa biashara ndogo swali la kuamua ni moja: je, kuna mtu mwenye nguvu juu ya biashara yako ambaye ameandika kwamba anataka cheti chenye jina la taasisi? Anaweza kuwa benki, mshirika wa nje, au masharti ya zabuni. Kama hakuna, chukua DV ya bure na fedha zako uzipeleke kwingine. Duka la mtandaoni, blogu ya mapishi, shule binafsi, hoteli ndogo inayopokea maombi ya vyumba: wote DV inawatosha. Kiwango cha usalama wa kadi cha PCI DSS chenyewe kinadai mawasiliano yafichwe kwa nguvu inayokubalika, hakidai OV wala EV.

Kama yuko, omba sentensi yenyewe kwa maandishi. Usikubali kuambiwa tu "wanataka cheti kikubwa". Mama wa Moshi alipotafuta kwenye barua pepe zake alikuta wakala wake wa Ujerumani alimpelekea dodoso la usalama, na swali mojawapo lilitaka ukurasa wa kupokea taarifa za wageni uwe na cheti kilichothibitishwa jina la kampuni. EV haikutajwa popote. Ukurasa uliotajwa ulikuwa ule wa kuweka nafasi, ambao uko kwenye domeni ndogo ya `booking`. Kwa hiyo hakuhitaji EV hata kidogo, na OV aliihitaji kwa jina moja tu. Tovuti iliyobaki tuliiacha na DV yake ya bure. Kuchanganya hivyo hakuna tatizo lolote kiufundi.

Kama una domeni ndogo nyingi, jua kwamba cheti cha nyota, kile kinachoandikwa `*.DOMENI-YAKO.co.tz`, kinapatikana kwa DV na OV. EV hairuhusiwi kuwa na nyota kwa tovuti za kawaida. Kila jina linaorodheshwa moja moja.

Hatua ya tatu: DV, na kwa nini hukwama

Kama uko kwenye hosti ya cPanel, ingia sehemu ya `SSL/TLS Status` uone kama AutoSSL imewashwa. Ikiwa imewashwa umemaliza. Kama una seva yako mwenyewe yenye nginx, tumia certbot, programu inayoomba vyeti vya Let's Encrypt; amri ni mbili:

```
sudo certbot --nginx -d DOMENI-YAKO.co.tz -d www.DOMENI-YAKO.co.tz
sudo certbot renew --dry-run
```

Ya kwanza inaomba na kufunga cheti. Ya pili inajaribu kuhuisha bila kuhuisha kweli, na ndiyo watu wanayoiruka. Cheti cha kawaida cha Let's Encrypt ni cha siku 90. Kama mpango wa kuhuisha haufanyi kazi, utajua siku ya 91 mteja atakapokupigia kwamba simu yake inamwambia tovuti si salama.

Namna ambavyo mtoa cheti anathibitisha mamlaka yako juu ya domeni ni mojawapo ya hizi: unaweka faili fulani kwenye tovuti, unaweka rekodi fulani kwenye DNS, au unajibu barua pepe iliyotumwa kwa anwani kama `admin@` au `postmaster@` ya domeni hiyo. Certbot hutumia njia ya faili. Ikigoma, mara nyingi sababu ni mlango namba 80 umefungwa kwenye ukuta wa moto. Sababu nyingine inayowasumbua watu kwa siku nzima ni rekodi ya AAAA iliyosahaulika. Umehamisha tovuti kwenda seva mpya, ukabadilisha rekodi ya A, inayotaja anwani ya IPv4 ya seva, ila AAAA, inayotaja ile ya IPv6, bado inaelekea seva ya zamani. Kwako tovuti inafunguka vizuri kwa sababu mtandao wako hautumii IPv6, lakini Let's Encrypt huanza na IPv6, kwa hiyo anakwenda kugonga nyumba uliyohama. Futa rekodi hiyo, au irekebishe, kisha rudia.

Hatua ya nne: OV, ambapo kazi iko kwenye karatasi

OV haikwami kwenye seva. Inakwama kwenye majina, anwani na simu, na kila kimoja kinastahili kutengenezwa kabla hujalipa.

Anza na jina. Mtoa cheti ataangalia kumbukumbu za serikali, na kwetu hiyo ni BRELA. Kenya watatazama kwa Msajili wa Kampuni, na karatasi wanayoizoea ni CR12. Jina utakaloandika kwenye ombi lazima lifanane na la kwenye usajili. Mama yetu aliandika jina ambalo wageni wanamjua kwalo, lile la kwenye fulana za wapagazi. Kwenye usajili kampuni ina jina refu zaidi linaloishia na Limited. Ombi lilisimama siku mbili kwa sababu ya hilo tu. Jina la kibiashara linaweza kuingia kwenye cheti, ila ni kama nalo limesajiliwa na unaweza kuonyesha kwamba ni lako.

Angalia pia aina ya usajili wako. Kampuni iliyosajiliwa ni rahisi. Kama una jina la biashara tu la mtu mmoja, si kila muuzaji atakukubalia OV, na anayekubali atataka kuthibitisha na wewe binafsi kwa kitambulisho. Muulize kabla hujatoa kadi. Kama biashara haijasajiliwa kabisa, huna unachoweza kuthibitisha; baki na DV.

Kisha anwani. Hapa Waafrika wengi tunaumia. Hati zetu zimejaa S.L.P., na mtoa cheti anataka mahali ambapo kampuni ipo, siyo sanduku la posta. Tafuta hati inayotaja kiwanja, jengo au mtaa. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, ofisi nyingi mjini zina jina la barabara na namba ya jengo; itumie hiyo, na uhakikishe inafanana kwenye leseni ya biashara na kwenye taarifa za benki. Kanuni zinaruhusu anwani ithibitishwe kwa bili ya maji au umeme, taarifa ya benki, au hati ya kodi iliyotolewa na serikali. Bili ya mama ilikuwa kwa jina la mwenye nyumba, kwa hiyo haikufaa. Taarifa ya benki ya kampuni, yenye jina la barabara na namba, ndiyo iliyopita.

Mwisho ni simu, na hii ndiyo iliyotuchosha zaidi. Mtoa cheti anataka kuwasiliana na kampuni kupitia namba ambayo yeye ameipata mwenyewe kwenye chanzo anachokiamini. Namba uliyoiandika wewe kwenye fomu haihesabiki, na hilo lina maana: tapeli naye angeandika namba yake. Chanzo kinaweza kuwa kumbukumbu za serikali au orodha ya kibiashara kama ya Dun & Bradstreet. Biashara zetu nyingi hazimo kwenye orodha hizo, au zimo na namba ya mezani iliyokatwa zamani.

Kuna njia mbili za kutoka. Moja ni kujiorodhesha, kisha kusubiri taarifa zionekane, na unaweza kusubiri wiki kadhaa. Nyingine ni barua ya wakili au mhasibu mwenye leseni, akithibitisha kwamba kampuni ipo, anwani yake ni hii na simu yake ni hii. Mtoa cheti atakutumia kiolezo cha barua, kisha atamtafuta wakili huyo kwa namba iliyo kwenye orodha ya mawakili ili kuhakikisha kwamba barua ni yake kweli. Tulitumia njia ya pili. Mwambie wakili mapema kwamba atapigiwa na mtu anayeongea Kiingereza kutoka nje. Wa kwetu aliikata simu ya kwanza akidhani ni utapeli.

Simu ya uthibitisho yenyewe ni fupi. Wanauliza kama kampuni imeomba cheti kwa domeni ile na kama mtu aliyejaza fomu anafanya kazi hapo. Waeleze wote wanaopokea simu za ofisi. Anayejibu "sijui habari hizo" anarudisha ombi nyuma.

EV inaongeza nini

Yote ya OV, halafu zaidi. Namba ya usajili inahakikiwa na kuingia kwenye cheti. Kama kampuni haijafikisha miaka mitatu na haimo kwenye orodha za kibiashara zinazokubalika, wanataka uthibitisho kwamba inafanya kazi kweli, kwa mfano barua ya benki kwamba ina akaunti inayotumika. Mwenye madaraka anasaini mkataba, naye anathibitishwa kwamba ana cheo hicho. Baada ya hapo mtu wa pili kwa mtoa cheti, ambaye hakushiriki kukusanya taarifa, anapitia jalada zima. Kama zabuni imeitaja EV kwa jina, lipa na uanze angalau wiki tatu kabla ya tarehe ya mwisho. Vinginevyo sioni sababu ya duka dogo kuibeba.

Hatua ya tano: kuomba na kufunga

Ufunguo wa siri utengenezwe kwenye seva yako na usitoke hapo. Kuna wauzaji wanaokutengenezea ufunguo na kukutumia kwa barua pepe kama huduma. Kataa, kwa sababu yeyote atakayeiona barua ile anaweza kujifanya tovuti yako. Unachompa muuzaji ni faili ya CSR tu, yaani ombi la cheti:

```
openssl req -new -newkey rsa:2048 -nodes \
  -keyout booking.key -out booking.csr
```

Kabla ya kutuma, tazama rekodi ya CAA kwenye DNS yako. Hiyo inataja ni watoa vyeti gani wanaoruhusiwa kukupa cheti. Sisi tulikuwa nayo, imeandikwa Let's Encrypt peke yake, na karatasi zote zilipokubaliwa mtoa cheti wa OV akashindwa kutoa. Dalili yake ni ujumbe unaotaja CAA wakati kila kitu kingine kiko tayari. Ongeza mstari wa pili bila kufuta wa kwanza, ili DV ya tovuti kuu iendelee kujihuisha:

```
DOMENI-YAKO.co.tz.  IN CAA 0 issue "letsencrypt.org"
DOMENI-YAKO.co.tz.  IN CAA 0 issue "digicert.com"
```

Nimeandika DigiCert kama mfano. Jina sahihi la kuweka utalipata kwenye maelekezo ya mtoa cheti wako.

Utakachopokea ni cheti chako pamoja na cheti cha kati, kinachokiunganisha cha kwako na mtoa cheti ambaye brauza inamwamini. Weka vyote kwenye faili moja, cha kwako kikiwa juu. Ukisahau cha kati, kosa linajificha: kwenye kompyuta yako tovuti inafunguka, kwa sababu brauza nyingi za kompyuta zinajua kukitafuta au zimekihifadhi, lakini baadhi ya simu za Android zinakataa. Ukisikia "kwangu inafunguka, kwa mteja haifunguki", anza hapo.

Muda wa cheti na ofa za miaka mingi

Profoma ya mama ilikuwa na punguzo la bei kama angelipia miaka mitano. Cheti cha miaka mitano hakipo. Tangu 1 Septemba 2020 kikomo kilikuwa siku 398, na mwezi Aprili 2025 baraza lile la CA/Browser Forum lilipiga kura kukipunguza zaidi: siku 200 kwa vyeti vinavyotolewa kuanzia 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia 15 Machi 2027, na siku 47 kuanzia 15 Machi 2029. Inahusu aina zote tatu. Anayekuuzia miaka mitano anakuuzia usajili wa kupewa vyeti vifupi vifupi, na kila kimoja kitafungwa upya.

Kwa mwenye OV, karatasi hazirudiwi kila mara. Kuanzia hiyo 15 Machi 2026, uchunguzi wa kampuni unaweza kutumika mpaka siku 398, kwa hiyo utapigiwa simu mara moja hivi kwa mwaka. Kinachorudiwa ni uthibitisho wa domeni na kazi ya kubadilisha faili kwenye seva. Muulize muuzaji jambo moja: OV yake inaweza kuhuishwa kwa ACME, yaani utaratibu uleule unaotumiwa na certbot? Kama jibu ni hapana, ifikapo mwaka 2029 utakuwa unabadilisha faili kwa mkono zaidi ya mara saba kwa mwaka. Lipia mwaka mmoja tu, uone wanavyokuhudumia.

Mama alilipia OV ya mwaka mmoja kwa `booking`. Kutoka kutuma ombi mpaka kufunga cheti zilipita siku kumi na moja, na tisa kati yake zilikuwa za jina, anwani na wakili. Tulituma kwa wakala wa Ujerumani mstari wa `subject` kama ulivyotoka kwenye ile amri ya kwanza, na swali lile la dodoso likafungwa kesho yake. Kwenye kalenda ya simu yake nimemwekea tarehe mbili: ya kubadilisha cheti, siku 30 kabla hakijaisha, na ya kuwakumbusha wakili na mapokezi kwamba kuna mtu atapiga simu.